Saa saba nilizokaa na aibu yangu

Nina selimundu tangu utotoni, na maumivu ya mifupa nayajua vizuri. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ugonjwa huohuo unaweza kuufanya uume usimame na kukataa kulala.

Nilipokuwa na miaka 24 nilianza kuamka alfajiri uume ukiwa mgumu na unauma, bila hamu yoyote ya mapenzi. Nilikojoa, nikanywa maji, nikatembeatembea chumbani, na baada ya nusu saa ukalala. Ulirudi wiki iliyofuata, kisha tena. Sikumwambia mtu. Leo najua vile vipindi vifupi vinavyokuja na kuondoka ni dalili inayojulikana kwa wagonjwa wa selimundu, na mara nyingi hutangulia kile kirefu. Ungekuwa wakati wa kumweleza daktari wangu wa kliniki, maana zipo dawa za kupunguza kujirudia kwake.

Kile kirefu kilianza saa nane usiku. Kwa sababu ya kukosa usingizi, jioni yake nilikuwa nimemeza kidonge cha rafiki yangu kinachoitwa trazodoni. Nilifanya yale yale ya siku zote. Saa kumi bado. Saa kumi na mbili, baada ya saa nne, maumivu yalikuwa makali hadi nguo ya ndani ikawa haivumiliki, na mimi bado nipo kitandani nikitunga uongo wa kumwambia mama. Nilifika hospitali saa tatu asubuhi.

Daktari aliponipima aligusa sehemu mbili. Mwili wa uume ulikuwa mgumu kama mti, lakini kichwa chake kilikuwa laini. Akanieleza kwamba ndani ya uume mna mirija miwili yenye nyama kama sponji. Kwa kawaida damu huingia na kutoka. Kwangu ilikuwa imeingia ikashindwa kutoka, na seli zenye umbo la mundu zikaziba njia. Damu iliyosimama huishiwa oksijeni, na nyama inayokosa oksijeni huanza kufa. Ndiyo maana mpaka uliowekwa ni saa nne: ukipita hapo, uharibifu unaanza. Baada ya saa 24 misuli laini ya ndani huwa inakufa kweli, na mahali pake panakuja kovu. Mwenye kovu hilo anaweza asisimamishe tena maisha yake yote.

Kisha akaniuliza nimetumia dawa gani. Nikasema hakuna. Akauliza tena, taratibu, na safari hii nikataja kidonge. Trazodoni ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kuleta tatizo hili hata kwa mtu asiye na selimundu. Nyingine ni klopromazini inayotumika kwa magonjwa ya akili, kokeini, na zaidi ya zote sindano zinazochomwa kwenye uume wenyewe ili usimame. Vidonge vya nguvu za kiume hulaumiwa sana mitaani, ingawa vikitumiwa peke yake ni nadra vifanye hivyo. Daktari hakuuliza ili anihukumu. Dawa aliyotaka kunichoma hupandisha presha, na mtu mwenye kokeini mwilini anaweza kudhurika nayo.

Matibabu yenyewe? Ganzi kwanza, kisha sindano pembeni mwa uume ikavuta damu. Ilitoka nyeusi, nzito. Halafu wakaingiza ile dawa inayopandisha presha, fenilefrini, kidogokidogo, kila baada ya dakika chache, huku wakinipima presha. Ukalala. Walinipa pia maji ya mshipani na dawa ya maumivu, lakini hawakusubiri hayo yafanye kazi ndipo wavute damu. Kama ingeshindikana, kilichofuata kilikuwa upasuaji wa kuifungulia damu njia.

Usiweke barafu ikiwa una selimundu, kwa kuwa baridi huzifanya seli zijipinde zaidi. Maji ya uvuguvugu ni bora. Kufanya mapenzi ili ulale ni ushauri wa vijiweni, na pombe inakukausha maji mwilini tu. (Ukipigwa teke msambani ukapata uume uliosimama nusu bila maumivu, hiyo ni aina nyingine, damu inaingia kwa wingi kutoka mshipa uliopasuka. Haikimbizwi kwa saa, ila nayo ionwe hospitali.)

Niliupita ule mpaka wa saa nne kwa saa tatu na nilipona, ila kusimama kwangu hakukurudi sawa kwa miezi kadhaa. Mapokezi niligugumia kwamba "tumbo linauma", nikawekwa kwenye foleni ya tumbo. Muuguzi alinihamisha pale tu niliposema: "Nina selimundu, uume wangu umesimama tangu saa nane usiku, unauma na haulali."