Maswali matatu na saa ya kufunga: ninavyoomba maoni baada ya warsha ya wafugaji nyuki Tabora

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiratibu warsha za siku mbili kwa wafugaji nyuki hapa Tabora mjini, na washiriki wake hutoka Sikonge, Urambo, Kaliua na vijiji vya Uyui. Kuandaa ukumbi, chakula na mkufunzi nilijifunza upesi. Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni kupata maoni ya kweli baada ya watu kuondoka.

Mara ya kwanza niligawa dodoso la maswali 18 mchana wa siku ya mwisho, huku washiriki wakisubiri kuitwa kusaini na kupokea posho na nauli. Wote 34 walijaza na wote 34 walisifu. Mkufunzi alikuwa mzuri, chakula kilikuwa kizuri, ukumbi ulikuwa mzuri. Nilifurahi kwa siku mbili hivi, kisha nikatambua kwamba sikuwa nimejifunza lolote. Mtu anayesubiri fedha yake ya nauli, tena mbele ya mwenyeji aliyemlisha, hawezi kuandika kwamba somo la mchana halikueleweka. Si uongo kwa maana ya uongo. Ni adabu, nasi tumelelewa hivyo. Basi kanuni yangu ya kwanza ikawa kwamba posho na nauli zilipwe zote, daftari la mahudhurio lifungwe, ndipo maoni yaombwe, na karatasi ya maoni isiwe na mahali pa kuandika jina.

Mara ya pili nilikwenda upande mwingine kabisa. Nilisubiri wiki nzima, nikatuma kiungo cha fomu ya mtandaoni yenye maswali yale yale 18. Nilipata majibu sita, yote kutoka kwa watu wanaoishi mjini. Wenzao walikuwa wameshaingia porini kwenye kambi za nyuki, ambako simu haipati mtandao mpaka mtu apande juu ya kichuguu, na wengine hawakuwa na bando la kufungulia fomu. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu kitu ambacho sikuwahi kukihesabu, yaani mshiriki ana saa ngapi kati ya kutoka ukumbini na kuingia mahali ambako sitampata tena. Kwa washiriki wangu jibu lilikuwa kama siku mbili. Warsha ikimalizika Jumatano mchana, wa mbali hulala njiani au hufika nyumbani usiku, Alhamisi hupumzika na kusalimia, na kufikia Jumamosi wengi wameshaondoka tena. Kwa hiyo dirisha la maoni hulifunga Ijumaa jioni.

Maswali nimeyapunguza mpaka matatu, na nimeyabadilisha mara nyingi kabla ya kuridhika nayo. La kwanza linauliza: ukifika kwenye mizinga yako, utafanya nini kwanza kati ya uliyojifunza? La pili: sehemu gani haikueleweka vizuri au ilipita haraka? La tatu: tukiirudia warsha hii, tubadilishe kitu gani kimoja? Hakuna linalouliza kama mtu alipenda warsha, kwa sababu jibu la swali hilo ninalijua kabla halijaandikwa. Ninaepuka pia neno “tathmini”, kwa kuwa wazee kadhaa walidhani wao ndio wanaopimwa kama wameelewa, wakaogopa kukosea. Neno “maoni” halimtishi mtu.

Neno “kimoja” katika swali la tatu lina kazi yake. Nilipouliza “tubadilishe nini?” kwenye karatasi kubwa, watu waliandika orodha ndefu zilizoanzia kwenye posho na kuishia kwenye vyoo. Walipolazimika kuchagua kitu kimoja, waliandika kile kilichowakera kweli. Posho bado hutajwa, nami huyaweka majibu hayo pembeni bila kinyongo, kwa kuwa si mimi ninayepanga kiwango chake.

Wenye simu za kawaida huwatumia ujumbe mfupi huu, nao hunijibu kwa namba hiyo hiyo:

```
Asante kwa kufika. 1 Utafanya nini kwanza? 2 Nini hakikueleweka? 3 Tubadilishe nini? Jibu kwa namba hii kabla ya Ijumaa tarehe 14 saa 12 jioni.
```

Ujumbe huo una herufi 143 ukihesabu na nafasi, na ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Jihadhari, hata hivyo, na alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe au ng'ambo. Ile iliyonyooka haina shida, lakini simu nyingi huigeuza kuwa iliyopinda, nayo haimo katika mpangilio wa kawaida wa herufi za ujumbe mfupi. Ikiingia hata moja tu, au kikaragosi kimoja cha tabasamu, nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70, na ujumbe mmoja hulipiwa kama mitatu. Nililigundua hilo baada ya salio kuisha nikiwa katikati ya orodha, na tangu siku hiyo huandika maneno yasiyohitaji ritifaa.

Saa ya kufunga ndiyo iliyonipa somo gumu kuliko maswali yenyewe. Safari moja niliandika kwamba maoni yatapokelewa “mpaka usiku wa Ijumaa”. Nilikusudia Ijumaa baada ya jua kuzama. Mzee mmoja wa Urambo, ambaye kwa kawaida hunipa maoni makali na yenye faida, hakujibu kabisa. Nilipokutana naye baadaye nilimsalimu, nikamuuliza.

“Shikamoo mzee. Safari hii mbona ulininyima maoni yako?”

“Marahaba, mwanangu. Sikukunyima. Ulisema mwisho usiku wa Ijumaa. Mtandao niliupata Ijumaa asubuhi, na usiku wake ulikuwa umeshapita. Nikasema nimechelewa, nikaacha.”

Mzee alikuwa sahihi. Kwa hesabu aliyokulia nayo siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao wengine tunauita Alhamisi usiku. Kosa lilikuwa langu. Nilidhani ningelitibu kwa kuandika “saa 6 usiku”, kumbe nilizidisha utata, kwa sababu saa 6 usiku iko mpakani mwa tarehe mbili, na mwenye simu inayoonyesha 00:00 hajui kama ni ya kuamkia Ijumaa au ya kuamkia Jumamosi. Kisha kuna vijana waliozoea kusoma saa kwenye simu, ambao wakiona “saa 6” bila neno lingine huielewa kuwa 6:00, yaani saa 12 yetu. Sasa huandika siku, tarehe, na saa 12 jioni. Kwenye karatasi, ambako nafasi ipo, huongeza kwamba simu itaonyesha 18:00. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza kufunga ni lini.

Jambo jingine kuhusu saa hiyo ni kwamba siisogezi. Niliwahi kuongeza siku tatu kwa huruma, nikapata majibu mawili zaidi, na katika warsha iliyofuata nikasikia washiriki wakiambiana kwamba wasiwe na haraka kwa kuwa huyu huongeza. Hukumbusha mara moja tu, Ijumaa saa 3 asubuhi, kabla watu hawajaanza kujiandaa kwa sala ya mchana. Kwa wanaotumia fomu ya mtandaoni, saa 12 jioni ikifika ninazima kitufe cha `Accepting responses`, maana fomu iliyoachwa wazi huonyesha kwamba saa niliyoitaja haikuwa na maana.

Nieleze jinsi majibu yanavyosomwa, nikitumia warsha moja iliyohusu ubora wa asali. Washiriki walikuwa 34, na mpaka saa ya kufunga nilikuwa na majibu 26. Kwa idadi hiyo sipigi asilimia. Nasoma jibu moja moja na kuyapanga mafungu kwenye meza. Katika swali la kwanza, watu tisa waliandika sentensi za aina ya “nitaitumia elimu niliyopata”. Zamani ningezihesabu kuwa sifa. Sasa nazichukua kuwa dalili kwamba mtu aliondoka bila tendo hata moja mkononi. Aliyeelewa huandika kwa namna nyingine: “nitaacha kurina masega ambayo hayajafunikwa nta.”

Swali la pili ndilo lililofichua tatizo. Watu 11, kila mmoja kwa maneno yake, walitaja kipimo cha unyevu wa asali. Kipimo hicho ni kifaa kidogo cha mkononi. Unadondosha tone la asali juu ya kioo chake, unafunga kifuniko, unakielekeza kwenye mwanga na kusoma mahali rangi mbili zinapokutana. Kiwango cha kimataifa kwa asali ya kawaida ni unyevu usiozidi asilimia 20, na inayozidi hapo huweza kuchacha kwenye ndoo. Mkufunzi alikuwa amelieleza hilo vizuri, nami nilikuwepo. Ila mmoja aliandika: “Nilipewa kile kifaa nikaona giza tu, nikaona aibu kusema.” Ndipo nilipokumbuka kwamba kifaa kilikuwa kimoja, kilizunguka ukumbini baada ya chakula, na mapazia upande wa jua yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya joto. Nusu ya watu walitazama kioo kisicho na mwanga, wakatikisa kichwa kama walioona, wakampa jirani.

Dodoso la maswali 18 lisingeniambia hilo, kwa sababu nisingejua kuuliza kuhusu mapazia. Katika warsha iliyofuata tuliazima vifaa viwili zaidi, tukatoka barazani asubuhi kabla jua halijawa kali, na kila mshiriki akasoma sampuli mbili na kutamka namba kwa sauti.

Kabla ya kufanya mabadiliko huwa natazama pia wasiojibu, si kwa majina bali kwa mahali walikotoka, jambo ambalo karatasi za rangi tofauti kwa kila wilaya huniwezesha kulijua. Katika wale wanane wa safari ile, watano walitoka Sikonge, na basi lao lilikuwa limeondoka kabla sijagawa karatasi. Maoni yao hayakuwemo katika lolote nililoamua, na nililiandika hilo waziwazi kwenye taarifa.

Jumatatu inayofuata kila mshiriki hupata ujumbe mmoja wa kurudisha: tumesoma majibu 26, wengi hawakuona vizuri kipimo cha unyevu, safari ijayo tutapimia nje. Majibu yanayofika baada ya saa ya kufunga huyasoma pia, lakini huyaweka kwenye bahasha ya warsha ijayo. Mwezi uliopita lilifika moja kutoka kambini, siku 16 baada ya kufunga, lenye maneno manne: “Kipimo kinataka jua, mwalimu.”