Bei ya dashibodi kuzidi bei ya sokoni

"Dashibodi yetu hujazwa kila siku kwa SMS za wafanyabiashara. Bei ya mahindi inayoonekana huwa juu kuliko ile ambayo mkulima anaikuta sokoni, ingawa sioni SMS yenye kosa la wazi. Nianzie wapi?"

Anza na gunia kabla hujagusa programu. Nilipokuwa nikisimamia mfumo wa namna hii, nilimaliza wiki mbili nikikagua hesabu, kumbe hesabu ilikuwa sawa, ila mfumo ulichukulia kwamba kila gunia lina kilo 100, ilhali wengi waliotutumia bei walikuwa wakiuza magunia yaliyojazwa hadi kilo 120.

Tazama siku moja. Wanne walituma 6500, 6600, 6600 na 6700, na wa tano, ambaye hupima kwa mizani, akatuma 5500 kwa gunia la kilo 100. Mfumo uligawanya zote kwa 100, ukachukua bei ya katikati, ukaonyesha 66 kwa kilo. Bei halisi ilikuwa 55, kwa sababu 6600 ukiigawanya kwa 120 unapata hiyo hiyo. Kilichoniuma zaidi ni kichujio chetu, ambacho kilitupa bei yoyote iliyopishana na ile ya katikati kwa zaidi ya asilimia 15: kilimtupa yule mmoja aliyekuwa sahihi. Bei ya katikati hukukinga na SMS moja iliyopotoka, lakini haifui dafu pale wengi wanapokosea kwa namna moja.

Ili kulitambua kosa hili, gawanya kila bei kwa ile ya chini kabisa ya siku hiyo, kisha uangalie wiki kadhaa mfululizo. Tofauti ya kweli ya bei hupanda na kushuka, lakini tofauti ya vipimo hubaki pale pale. Kwetu iliganda karibu na 1.2 hata mavuno yalipoingia na bei ikaporomoka.

Tulibadilisha muundo wa ujumbe ili uzito utajwe, na usiotaja uzito ukawa haupokelewi:

```
MAHINDI 120KG 6600
```

Mfumo humjibu mtumaji papo hapo kwa bei ya kilo moja, naye akiona 66 badala ya 55 hutuma upya mwenyewe. Asiye na mizani atakisia, kwa hiyo mtu wetu hupima magunia machache katika kila soko mara moja kwa wiki, nasi hulinganisha.

Jambo moja la kuangalia: siku ya mabadiliko grafu itashuka ghafla, na wakulima watadhani soko limeanguka. Weka alama kwenye tarehe hiyo pamoja na maelezo mafupi, wala usijaribu kurekebisha bei za nyuma ikiwa hujui nani alitumia gunia lipi.