Rangi moja kwa aikoni zote: nilivyopaka skrini ya iPhone bila kupoteza programu

Nilianza na picha ya kanga ya mama, ile yenye rangi ya damu ya mzee, niliyoiweka kama mandhari ya skrini ya mwanzo. Aikoni za kijani, bluu na njano zilikuwa zinaigombanisha, nikataka zote zivae rangi ya kanga. Tangu iOS 18 ya mwaka 2024 jambo hilo limo ndani ya simu yenyewe, kuanzia iPhone XR na XS.

Bonyeza sehemu tupu ya skrini hadi aikoni zianze kutikisika, gusa Edit juu kushoto, kisha Customize, kisha Tinted. Kwenye iOS 18 vinatokea vitelezi viwili, kimoja cha kuchagua rangi na kingine cha kuikoleza au kuififisha. Kuna pia alama ya kidondoshi, nayo ndiyo niipendayo kuliko vyote: unaigusa, unaisogeza juu ya mandhari, na simu inachukua rangi ileile iliyopo pale. Mimi niliiweka juu ya pindo la kanga.

Siku mbili za kwanza nilifurahi. Siku ya tatu nilijikuta nafungua Messages nikitafuta WhatsApp, na programu ya benki yangu sikuiona kabisa ingawa ilikuwa mbele ya macho yangu.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana ukishaijua utaweza kurekebisha mwenyewe. Tinted huifuta rangi ya aikoni na kubakiza mwanga na giza tu, halafu sehemu zenye mwanga ndizo zinazopakwa rangi uliyochagua. Watengenezaji wengine wameandaa toleo maalumu kwa ajili ya hali hii, na hao wanatoka vizuri. Ambao hawakuandaa, simu inabuni yenyewe. Aikoni ya benki yangu ina maandishi mekundu juu ya bluu. Kwa macho ni rangi mbili tofauti kabisa, lakini kwa mwanga zinalingana, kwa hiyo zilipofutwa rangi zikawa kibonge kimoja chenye ukungu.

Unaweza kuligundua hilo kabla hujapaka chochote. Piga picha ya skrini, ifungue kwenye Photos, gusa Edit, nenda kwenye vichujio, chagua Mono. Aikoni zinazopotea au kufanana hapo ndizo zitakazokusumbua. Kwangu zilikuwa nne kati ya ishirini na nne, na hizo tu ndizo nilizoshughulikia, hasa kwa njia za mkato, yaani aikoni mbadala zenye picha yangu zinazofungua programu zilezile. Ukijaribu kuzibadilisha zote utachoka bure, kwani nyingine zinatoka vizuri zenyewe.

Kwanza nilichora picha ya benki: mraba wa pikseli 1024 kwa 1024, mandharinyuma meusi kabisa, na katikati mchoro mweupe mnene wa noti. Usiuchore kwa rangi ya kanga. Njia ya mkato nayo inapakwa na Tinted kama aikoni nyingine, na nyeupe juu ya nyeusi ndiyo inayopokea rangi vizuri zaidi. Pembe usizikate, simu inazikunja yenyewe.

Kisha fungua programu ya Shortcuts, gusa alama ya kujumlisha, tafuta kitendo cha Open App, gusa neno App na uchague benki. Gusa jina lililo juu, chagua Add to Home Screen, gusa aikoni ndogo, chagua picha yako, andika jina fupi, malizia na Add. Aikoni ya zamani ibonyeze, gusa Remove App, halafu Remove from Home Screen. Tafadhali usiguse Delete App, hiyo inaifuta programu yenyewe. Na njia ya mkato usiifute ndani ya Shortcuts, maana aikoni itabaki skrini lakini haitafungua kitu.

WhatsApp sikuitengenezea. Njia ya mkato haionyeshi ile namba nyekundu ya ujumbe ambao hujausoma, nami kwa ujumbe wa nyumbani siwezi kukubali hasara hiyo. Badala yake niliihamishia safu ya chini peke yake, mbali na Messages, na kidole kikazoea mahali pake. Benki haina haja ya namba hiyo. Ninachoona ni tangazo dogo juu ya skrini wakati inafunguka, nalo linatoweka lenyewe.

Damu ya mzee yenyewe ilikuwa na kasoro: ni rangi ya giza, na juu ya nyeusi michoro ilizama, hasa nje juani. Nilisogeza kitelezi cha pili hadi ikawa karibu na waridi iliyoiva, na hapo ndipo noti yangu nyeupe ilipoonekana wazi. Ukirudi kwenye mwonekano wa kawaida, njia zako za mkato zitabaki nyeusi na nyeupe, kwa hiyo zitapendeza zaidi ukichagua Dark kuliko Light.