Andiko la mradi wa misindano: hesabu miti itakayofika sokoni

Ukiandika andiko la mradi wa kupanda misindano kwa wakulima wa Njombe au Mufindi, ukurasa utakaokuponza si wa bei ya mbao. Ni ule unaosema "ekari moja, miche 450" halafu ukazidisha 450 kwa bei ya mti mkubwa. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inakupa kweli mashimo kama 450 kwa ekari, lakini hiyo ni idadi ya mashimo. Andiko zuri huanza na miti itakayosimama siku ya kuvuna, likarudi nyuma hadi kwenye kitalu.

Tuanze na miche kushika. Hesabu ya kwanza ifanyike wiki sita hivi baada ya kupanda. Ukipanda Desemba, utahesabu mwishoni mwa Januari au Februari, mvua ikiwa bado ipo, ili mashimo yaliyokufa yarudishiwe msimu huohuo. Hesabu ya pili iwe Oktoba au Novemba, kiangazi kikiisha, kwa sababu ndicho kinachosema ukweli. Usihesabu miche unayoiona, maana jicho huruka pengo. Hesabu mashimo: tembea mstari mmoja katika kila mitano, na kwa kila shimo andika hai, mgonjwa au amekufa. Ekari ya mraba ina mistari kama 21, kwa hiyo utapita mistari minne na kugusa mashimo zaidi ya 80, na hiyo inatosha kwa shamba dogo.

Karibu na kila aliyekufa andika sababu, kwa kuwa ndiyo itakayobadilisha bajeti yako. Mche ukivutwa ukatoka kirahisi, na mizizi yake imezunguka chini kwa umbo la kiriba, ulikaa kitaluni kupita muda wake au ulipandwa na kiriba chake. Hapo kosa ni la kitalu au la mpandaji, na kurudishia kwa miche ileile ni kutupa fedha. Miche iliyokatwa juu kwenye kingo za shamba, huku ya katikati ikiwa mizima, ni kazi ya mifugo. Iliyokauka yote kwenye mgongo wa kilima ilipandwa mvua ikiwa inakatika. Na miche iliyo hai lakini imedumaa na kuwa ya njano, hasa ardhi ambayo haijawahi kuwa na msindano, mara nyingi imekosa ule ukungu wa mizizini ambao msindano hauwezi kukua vizuri bila kuwa nao. Dawa yake ni kuchanganya udongo wa kitaluni na udongo uliochotwa chini ya misindano mikubwa, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba wa mwenye kitalu kabla mbegu haijasiwa.

Weka kwenye andiko miche ya kurudishia, asilimia 15 hadi 20 juu ya mahitaji, na uweke ukomo: kurudishia hufanyika msimu wa kwanza na wa pili tu. Mche utakaowekwa mwaka wa tatu utafunikwa na wenzake na hautakuwa mti wa mbao.

Baada ya hapo adui mkubwa ni moto. Mwezi mbaya ni ule wa kuandaa mashamba, watu wanapochoma mabaki kabla ya mvua. Barabara ya moto iliyosafishwa mara moja ikaachwa haisaidii, kwa hiyo gharama yake iwe ya kila mwaka mpaka siku ya kuvuna. Maandiko mengi huiweka kwa miaka mitatu ya mwanzo tu, na hapo ndipo bajeti inapodanganya.

Sasa tufanye mfano wa ekari moja kwa miaka 18. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kijijini kwenu. Kusafisha, kuchimba mashimo, miche na kupanda: shilingi 500,000. Palizi: 100,000 kila mwaka kwa miaka mitatu. Barabara ya moto: 20,000 kila mwaka kuanzia wa nne. Ukijumlisha tu utapata 1,100,000, na mradi utaonekana wa ajabu. Lakini fedha iliyolala miaka 18 ina gharama. Kwa asilimia 10 kwa mwaka, shilingi moja ya leo inatakiwa irudi kama shilingi 5.56 mwaka wa 18. Ukipandisha kila gharama hivyo mpaka siku ya kuvuna, jumla ni karibu 4,800,000.

Igawe kwa miti. Miche 360 ikishika, ukapunguzia ukibakiza iliyonyooka, kisha moto na upepo vikachukua kidogo, utavuna labda 145. Kila mti lazima ulipe kama 33,000 ndipo mradi urudishe gharama. Ikishika nusu tu, utalazimika kubakiza hata iliyopinda, na miti ya maana ikawa 100: sasa kila mmoja unadaiwa 48,000. Fedha ya miti ya kupunguzia isiingizwe hapa. Iache iwe akiba, kwa kuwa soko la miti myembamba haliaminiki.

Mgawo wa mapato nao upimwe kwa hesabu hiyohiyo. Tuseme miti 145 imeuzwa 45,000 kila mmoja, ikiwa imesimama, ni 6,525,000. Toa ushuru na gharama za kuuza 525,000, zimebaki milioni 6. Mkataba unasema mkulima mwenye ardhi apate asilimia 60, aliyetoa mtaji wa kupanda 35, chama 5. Aliyetoa mtaji anapata 2,100,000, wakati 500,000 zake zilipaswa kuwa 2,780,000, kwa hiyo faida yake ni kama asilimia 8 kwa mwaka. Mkulima anapata 3,600,000. Toa palizi na barabara ya moto alizobeba, ambazo kwa mwaka wa 18 ni karibu 2,018,000. Kilichobaki, 1,582,000, ndiyo kodi ya ardhi yake kwa miaka 18: sawa na kulipwa kama 35,000 kila mwaka. Kama kijijini ekari hukodishwa 50,000, mkulima huyo ataliona hilo hata bila kikokotoo, na palizi ya mwaka wa tatu hataifanya. Afadhali ubadili asilimia sasa, au mtoa mtaji alipe palizi.

Mkataba useme asilimia ni ya mapato baada ya kutoa nini, vitajwe kimoja kimoja. Neno "faida" peke yake huzaa ugomvi, kwa sababu anayeshika daftari ndiye anayeamua gharama. Msigawane mistari ya miti. Moto ukichoma upande mmoja, mwenye mistari hiyo atabaki mikono mitupu na mwenzake hatakuwa na sababu ya kuulinda. Gawaneni fedha ya shamba zima.

Kwa miaka miwili ya kwanza maharage au mahindi yapandwe kati ya mistari, mazao yote yakiwa ya mkulima. Yanampa chakula na palizi inafanyika papo hapo. Viazi mviringo vikae mbali kidogo, kwani jembe la kuvuna hukata mizizi, na kila mche uachiwe duara la mita moja.

Hatari ya mwisho ni ada ya shule ya mwaka wa tisa. Mkulima akibanwa atauza miti michanga kwa bei ya nguzo. Andika kifungu kinachomruhusu kuuza hisa yake kwa mwanachama mwingine, kwa bei itakayokubaliwa na kamati, miti ikiendelea kusimama, na majina ya mke na mume yote mawili yawe kwenye mkataba pamoja na nakala ya hatimiliki ya kimila. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, maana watakaovuna huenda wakawa watoto.