Menyu ya oda kwa USSD: tengeneza ukijua sesheni itakatika

Chukua duka la jumla linalopokea oda za wenye maduka ya mtaani, wengi wao wakiwa na simu za vitufe. Mwenye duka anapiga namba ya USSD, menyu inafunguka kwenye skrini, anachagua sembe, na papo hapo anaingia mteja wa kuuziwa chumvi. Akirudi kwenye simu, sesheni imekatika. Hilo si tukio la nadra, kwa hiyo lipange tangu mwanzo.

Mitandao mingi huipa sesheni nzima dakika 2 au 3 hivi, na skrini moja ikikaa bila kujibiwa hukatwa mapema zaidi. Muulize anayekuunganisha na mitandao akupe vipimo vya kila mtandao, kwa maana havilingani. Kadiria sekunde 20 kwa kila skrini, kusoma na kuandika, kisha ifikishe oda ya kawaida mwisho kwa skrini 6. Seva yako nayo ijibu ndani ya sekunde 2 au 3. Kuuliza mfumo wa stoo katikati ya menyu ni kula muda wa mteja. Weka nakala ya bei na bidhaa karibu.

Skrini moja hubeba herufi 182, lakini ukizoea kuishia 160 utakuwa salama zaidi. Kuna mtego hapa unaowapata waandishi wa Kiswahili: ukinakili neno "ng'ombe" kutoka kwenye hati yenye alama ya ritifaa iliyopinda (’), alama hiyo haimo katika herufi za kawaida za GSM. Ujumbe wote huhamia mfumo mwingine wa herufi na nafasi hushuka hadi 80, hivyo menyu inakatwa au haifiki kabisa. Tumia alama iliyonyooka.

Hifadhi kila jibu mara tu linapofika, na ulihifadhi kwa namba ya simu, maana kitambulisho cha sesheni hubadilika mteja akipiga tena. Lango la anayekuunganisha na mitandao, likituma majibu yote kwa mfululizo, kama `1*3*2`, huwapotosha wageni wanaosoma kwa kuhesabu nafasi: mteja akibonyeza 0 kurudi nyuma, mfululizo unakuwa `1*3*0*2` na ile 0 inasomwa mahali pa idadi. Soma jibu la mwisho tu, na hatua aliyofikia uitunze kwenye seva.

Akipiga tena ndani ya nusu saa, mwonyeshe oda aliyoiacha na umuulize kama anaendelea au anaanza upya. Usimrushe moja kwa moja alikoishia, kwani simu ya dukani hushikwa na watu wengi na huenda aliyeishika sasa si yule aliyeanza. Nusu saa ikipita ifute, bei isije ikawa ya zamani.

Kosa la gharama kubwa katika idadi ni kipimo. Ukiuliza "Idadi?" mtu ataandika 75 akimaanisha kilo, nawe utampakilia viroba 75. Uliza "Viroba vingapi? Kiroba 1 = kg 25", kisha skrini ya kuhakiki imrudishie vipimo vyote viwili:

```
CON Hakiki oda:
Sembe viroba 3 (kg 75) 90,000
Sukari mfuko 1 (kg 50) 140,000
Jumla Sh 230,000
1.Tuma oda
2.Badili
3.Futa
```

Hizo ni herufi zisizozidi 120, na bei ni za mfano. `CON` huliambia lango liache sesheni wazi, `END` huifunga.

Sasa angalia sekunde moja baada ya mteja kubonyeza 1. Oda imefika kwako, ila skrini ya mwisho imepotea njiani. Mteja hajui kama imeingia, anapiga tena, na asubuhi mzigo unashuka mara mbili. Kinga yake ni kutoa namba ya oda wakati unaandaa skrini ya kuhakiki, kabla hajathibitisha, na kuizuia hifadhidata isipokee namba hiyo mara ya pili. Kisha tuma SMS yenye namba na jumla. Akipiga tena muda mfupi baadaye, skrini ya kwanza iseme: "Oda 4127 imepokelewa. 1.Sawa 2.Oda mpya".

Kama analipa kwa simu, funga sesheni kwanza kwa `END Oda 4127. Subiri ombi la PIN`, kisha subiri sekunde chache ndipo utume ombi. Ukilituma sesheni ikiwa wazi, mara nyingi halitokei kwenye simu yake, na oda inabaki bila malipo.

Kabla ya kufungua huduma, chukua simu ya vitufe na laini ya kila mtandao. Katika kila skrini iache simu mezani hadi ikatike, piga tena, kisha linganisha unachoonyeshwa na kilichoandikwa kwenye hifadhidata.