Tawi au kampuni tanzu? Maswali ya wasomaji kuhusu rekodi za BRELA

*Mteja wangu ana TIN, leseni ya biashara na ofisi Masaki. Si hiyo inatosha kujua ni kampuni ya Tanzania?*

Haitoshi. Tawi la kampuni ya kigeni nalo lina TIN, leseni na ofisi. Omba nakala ya cheti cha Msajili. Kampuni tanzu hupewa cheti cha kuundwa kwa kampuni, kwa sababu imezaliwa hapa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002. Tawi halikuzaliwa hapa. Kampuni yake iliundwa kwao, na hapa inapewa cheti kinachothibitisha kwamba imetimiza masharti ya kampuni ya kigeni.

*Jina linaishia na "Tanzania Limited". Nisome nini zaidi?*

Jina ni dalili tu, usiishie hapo. Lipia taarifa rasmi ya kampuni kwenye ORS, mfumo wa usajili wa mtandaoni wa BRELA, kisha utazame hisa.

Tuseme unawauzia saruji Wajerumani. Ikiwa ni kampuni tanzu, utaona mtaji wa hisa na majina ya wanahisa. Mara nyingi kampuni mama inashika hisa karibu zote, na hisa moja au mbili ziko kwa mtu au kampuni nyingine. Ikiwa ni tawi, hutakuta wanahisa wa tawi, maana tawi halina hisa zake. Utakuta jina la kampuni yenyewe, pengine likiishia na GmbH, nchi ilikoundwa, wakurugenzi walioko huko, na jina la mkazi wa Tanzania aliyeidhinishwa kupokea hati za kisheria kwa niaba yake. Mimi huanza na huyo mkazi. Akiwepo kwenye faili, unashughulika na tawi.

*Kuna tofauti gani kwangu ninayedai milioni 80?*

Kubwa. Deni la tawi ni deni la kampuni mama moja kwa moja, kwa kuwa ni mtu mmoja kisheria. Kampuni tanzu ni mtu mwingine: ikifilisika, kwa kawaida mama hupoteza alichoweka kwenye hisa, basi. Nembo ile ile ukutani haibadilishi hilo. Kwa hiyo ukikopesha kampuni tanzu yenye mtaji mdogo, dai dhamana ya maandishi iliyosainiwa na kampuni mama yenyewe. Barua ya "tunaiunga mkono kampuni yetu" isikulaze usingizi. Ila na tawi lina shida yake: mali nyingi inaweza kuwa nje, na hukumu ya Dar es Salaam italazimika kuifuata huko.

*Mkataba umeandikwa "Tawi la Tanzania" kama mhusika. Ni sawa?*

Urekebishwe. Mhusika awe kampuni ya kigeni kwa jina lake kamili, "kupitia tawi lake la Tanzania", pamoja na namba ya usajili wa huko na ya hapa.

*Na kodi?*

Zote mbili hutozwa asilimia 30 ya faida. Tawi likipeleka faida makao makuu, linakatwa asilimia 10 nyingine.