Asilimia 140 ya nini? Maswali yenu kuhusu sivii za watu wa mauzo

Tangazo letu linataka mtu aliyefikisha tageti. Mmoja kaandika asilimia 140, mwingine asilimia 92. Kuna haja ya kumwita huyo wa 92?

Ipo, tena kubwa. Asilimia haina maana mpaka ujue tageti yenyewe ilikuwa kiasi gani, ya muda gani, na wenzake kwenye timu walifikisha wangapi. Kampuni nyingi humpunguzia mtu mpya tageti katika miezi ya mwanzo, wakati bado anajifunza bidhaa. Tuseme huyo wa 140 alipewa milioni 50 katika robo mwaka yake ya kwanza akauza milioni 70, na hiyo ndiyo robo pekee aliyoiandika. Wa 92 alipewa milioni 400 kwa mwaka, akauza milioni 368, na katika timu ya watu tisa ni wawili tu waliomzidi. Mimi ningeanza na huyu wa pili.

Swali la kuwauliza wote wawili ni moja: nitajie tageti na matokeo ya kila mwaka, ukianza na mwaka ulio mbaya kuliko yote. Aliyekuwa akipambana na tageti kweli huzikumbuka namba zake, hasa zile zilizomnyima kamisheni.

Mkataba wetu wa kawaida ni kama milioni 25. Sivii inasema "wastani wa mkataba: milioni 25, mikataba 12 kwa mwaka". Si ndiye tunayemtafuta?

Huenda siye. Omba ukubwa wa mikataba yote 12, mmoja mmoja, bila majina ya wateja. Jumla yake ni milioni 300. Ukikuta mmoja ni wa milioni 190, iliyobaki 11 inagawana milioni 110, yaani milioni 10 kila mmoja. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuza mikataba ya milioni 10, na huo mkubwa ndio ulioubeba wastani. Ndiyo maana napenda kuipanga mikataba kuanzia mdogo hadi mkubwa na kuangalia ule wa katikati.

Kisha uliza kuhusu ule mkubwa: nani alimpata mteja, nani alijadiliana bei, nani alikuwepo siku ya kusaini? Kama meneja ndiye aliyefanya hayo yote, uweke kando.

Kwa maoni yangu, mtu wa mikataba ya milioni 10 anaweza kupanda hadi 25 akipata meneja mzuri. Wa milioni 2 ni habari nyingine. Huyo amezoea kuzungumza na mnunuzi mmoja anayeamua palepale, na kwenu atakutana na mhasibu, mwanasheria na mkurugenzi, kila mmoja na hofu yake.

Kwetu mauzo huchukua miezi tisa tangu mazungumzo ya kwanza hadi saini. Sivii nyingi hazisemi lolote kuhusu muda huo. Nitaujuaje?

Tarehe za ajira zitakusaidia. Mtu aliyekaa miezi 11 mahali ambako mauzo huchukua miezi tisa, akaandika kwamba alifunga mikataba sita, ana jambo la kueleza. Wateja aliowaanza mwenyewe wangeanza kusaini mwezi wa tisa au wa kumi. Yaelekea baadhi aliwarithi kwa aliyemtangulia. Kurithi si kosa, lakini kufunga mauzo yaliyokwisha iva ni kazi tofauti na kuyaanzisha.

Pia zidisha mikataba ya kwa mwezi kwa urefu wa mauzo. Anayesema anafunga mitano kila mwezi, na kila mmoja huchukua miezi tisa, alikuwa na wateja 45 wa kusaini mkononi kwa wakati mmoja, bila kuhesabu wale waliokataa. Hapo namba moja si sahihi, na mara nyingi ni ile ya muda: kaandika mauzo marefu kwa sababu tangazo lenu liliyataja.

Tahadhari moja: ajira fupi zinazofuatana hazimaanishi hafai. Timu huvunjwa, bidhaa hufutwa. Ila kama hajawahi kukaa mahali kwa muda unaozidi mzunguko wenu wa mauzo, hujaona ushahidi kwamba anaweza kumshikilia mteja mmoja tangu mwanzo hadi saini.

Mimi ni mwombaji. Niyaandike vipi haya yote bila kujaza ukurasa?

Mstari mmoja kwa kila ajira unatosha: "Tageti milioni 120 kwa mwaka, niliuza milioni 131, mikataba 14, wa katikati milioni 8, miezi minne tangu mazungumzo ya kwanza hadi saini, wateja 9 niliwatafuta mwenyewe." Kama mwajiri wako wa zamani anakataza kutaja fedha, andika asilimia na nafasi yako kwenye timu, useme wazi kwamba kiasi ni siri ya kampuni.